Uzi: Barua niliyomwandikia binti wa Moshi, kwa nini vesi yake ya pili inarudia ya kwanza

FundiSauti wa Sakina

Wakuu, salama? Wiki mbili zilizopita binti mmoja alipanda kosta kutoka Moshi akaja studio kwangu Arusha na wimbo aliourekodi kwenye simu. Sauti anayo, hilo halina ubishi. Nilimwambia vesi ya pili inarudia ya kwanza, akanitazama kama nimemtukana. "Kaka, mbona maneno ni tofauti yote?" Kulikuwa na machalii wanasubiri zamu yao, sikupata nafasi ya kumjibu vizuri, kwa hiyo usiku nikamwandikia barua. Amekubali niibandike hapa, sharti jina lake lisitajwe.

*Mdogo wangu,*

*Habari za Pasua? Nimekaa na wimbo wako jioni nzima na nimeyaandika maneno yako kwa mkono, maana sikio linadanganywa na sauti nzuri, karatasi haidanganywi. Vesi yako ya kwanza ni hii:*

*Umekwenda Mererani, simu haipatikani*
*Kitanda kina baridi, nakesha macho darini*
*Kandambili mlangoni, vumbi jeusi pembeni*
*Nitakungoja mpenzi, hata miaka sitini*

*Halafu korasi, "Rudi hata bila jiwe, jiwe langu ndiwe wewe", mara nne. Halafu ya pili:*

*Uko mbali machimboni, sina furaha moyoni*
*Usingizi siupati, nalia mto kichwani*
*Kila siku napigia, hupatikani hewani*
*Sitakuacha milele, nitabaki hapa ndani*

*Ulisema maneno ni tofauti, na ni kweli. Lakini fanya nilivyofanya mimi. Pembeni ya kila mstari andika habari inayoletwa na mstari huo, kwa maneno ambayo ungemwambia mama yako jikoni. Vesi ya kwanza: ameenda Mererani na hapatikani kwenye simu. Silali. Kandambili zake zimebaki. Nitamsubiri. Vesi ya pili: bado yuko machimboni. Silali. Hapatikani kwenye simu. Nitamsubiri. Habari nne za kwanza, tatu zimerudi na nguo nyingine. Iliyobaki ni ya kandambili, na hiyo umeiacha kule kule mlangoni.*

*Kipimo kingine nilikifanya kwenye kompyuta. Nilichukua sauti yako nikazibadilisha vesi, ya pili nikaiweka mbele na ya kwanza nyuma, nikampigia mdogo wangu anayesaidia hapa studio. Hakugundua kitu. Wimbo ulienda mpaka mwisho bila kujikwaa. Vesi zikiweza kubadilishana viti na hakuna anayeshtuka, ujue ya pili haikuwa na safari.*

*Sasa, imetokeaje? Sidhani ni uvivu. Naona sababu mbili.*

*Ya kwanza ni "-ni". Umeanza na Mererani, ukanogewa, na kwa lugha yetu kina hicho hakina mwisho. Kila kitu kinaingia: moyoni, machoni, chumbani, kichwani. Ila angalia kinaita maneno gani. Kinaita mahali, na mwenye huzuni ana mahali pachache: kitandani, moyoni, ndani. Ulipofika vesi ya pili na kina kilekile, hukuwa unachagua la kusema tena, kina ndicho kilichokuwa kinakuchagulia. "Hupatikani hewani" sidhani kama ulikusudia kuisema. Nadhani ulikuwa unatafuta "-ni" nyingine.*

*Ya pili ndiyo kubwa, na iko kwenye vesi ya kwanza. Mstari wake wa nne. "Nitakungoja mpenzi, hata miaka sitini." Dada, umeshamaliza! Umefika miaka sitini mbele na wimbo bado una sekunde 36 tu tangu uanze. Biti yako ina mapigo 80 kwa dakika, yaani baa moja ni sekunde 3. Utangulizi baa 4, vesi baa 8, korasi baa 8. Vesi ya pili inaingia dakika ya kwanza kamili. Kufikia hapo msikilizaji ameshasikia "rudi" mara nne na ameshaahidiwa miaka sitini. Umebaki na nini cha kumwambia? Huna, na ndiyo maana ukarudi kuchota kisima kilekile.*

*Kwa hiyo ukitaka kutibu ya pili, anza kwa kuitoa ahadi kwenye ya kwanza. Vesi ya kwanza iwe wiki ya kwanza tu: simu, kandambili, basi. Ya pili kitu kiwe kimesogea, muda, au mahali, au wewe mwenyewe. Nilijaribu kukusogeza mpaka Mererani, kwenye ule ukuta uliozunguka machimbo tangu 2018, usimame getini. Na kina nimebadilisha kwa makusudi:*

*Leo niko kwenye geti, mlinzi adai cheti*
*Nimebeba lako koti, na chapati kwa pakiti*

*Siyo nzuri, najua, ila sikiliza inachofanya kwa korasi. "Rudi hata bila jiwe" mara ya kwanza ni mtu anamwambia simu iliyozimwa. Mara ya pili anauambia ukuta. Korasi hujabadilisha hata herufi, lakini aliyesikia vesi ya pili anaisikia upya. Kazi ya vesi ya pili ni hiyo, kuifanya korasi iseme jambo lingine.*

*Na ile kandambili yenye vumbi jeusi, usiiguse. Wachimbaji wa kule wanatoka shimoni weusi kwa grafaiti, na mtu ambaye hajaliona hilo vumbi hawezi kuuandika mstari ule. Mingine saba mtu yeyote angeweza kuandika.*

*Kaka yako wa Sakina.*

Hiyo ndiyo barua. Bado hajanijibu. Nimekuwa mkali sana?

Chalii wa Kijenge

Mkali kidogo, ila nimecheka "chapati kwa pakiti". Mkuu, usiache kazi ya mikserini.

FundiSauti wa Sakina

😂 Nilishasema siyo nzuri.

Mdau Unga Ltd

Hili la vesi kurudiwa limenikuta mimi mwenyewe. Nilirekodi kwenye studio moja, siitaji, nikalipa elfu hamsini. Muda ukaisha kabla sijaimba vesi ya pili. Jamaa akaniambia nenda tu, nitamalizia. Kuja kuchukua kazi, ya pili ni ile ile ya kwanza! Kainakili akaibandika. Nikamuuliza, akasema "ndivyo wanavyofanya siku hizi". Maprodyuza mnatuibia sana.

FundiSauti wa Sakina

Pole mkuu, ila lako ni jingine. Huyu binti ameimba vesi zote mbili kwa mdomo wake, kinachojirudia ni habari. Wewe ulibandikiwa sauti.

Hata hivyo kwa faida yako: kama una faili la sauti tupu, bila biti na bila mwangwi, ukate vesi ya kwanza na ya pili, uziweke juu ya nyingine zianze sehemu moja kabisa, kisha moja uigeuze fezi. Programu karibu zote zina kitufe hicho. Kama ni nakala, zinafutana, unabaki na ukimya. Binadamu hawezi kuimba mara mbili zikafutana, hata pumzi tu zinapishana. Kwenye wimbo uliokwisha kuchanganywa na kuwa MP3 hutapata ukimya safi, kwa hiyo usimvamie mtu kwa ushahidi huo. Tega sikio kwenye pumzi na mate tu, zikiwa zilezile sehemu zilezile, umeibiwa.

Mdau Unga Ltd

Faili tupu alikataa kunipa. Sasa naelewa kwa nini.

Mwalimu wa Rau

Vijana, hamjambo. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, naomba nimtetee huyu mtoto. Kwanza hamkuona kwamba mizani yake imetimia. Kila kipande nane, nane kwa nane, mistari minne, hiyo ni tarbia kamili. "Kandambili mlangoni", hesabuni, ile "m" ni silabi. Wangapi kwenye hii miziki yenu wanaweza? Pili, katika ushairi kuna utoshelevu. Kila ubeti unatakiwa ujitosheleze, usimlazimishe msomaji afungue ubeti mwingine ndipo aelewe. Ukiweza kubadilisha beti nafasi na shairi lisivunjike, hiyo ni sifa. Na takriri ni mbinu, siyo kosa. Barua imemhukumu kwa sheria isiyo yake.

FundiSauti wa Sakina

Shikamoo Mwalimu. La mizani sikuliona kweli, nilisikia tu kwamba linakaa vizuri kwenye baa bila kusukumwa. Asante.

Ila utoshelevu sidhani unasema hivyo. Ubeti kujitosheleza maana yake wazo lake limekamilika humo humo. Haisemi wazo liwe lilelile la ubeti uliopita. Shairi la beti sita kuhusu ulevi, ubeti mmoja utakuwa mshahara, mwingine mke, mwingine afya. Kila mmoja umejitosheleza na kila mmoja umeleta chake. Hapa tumeletewa mshahara mara mbili.

Mwalimu wa Rau

Marahaba. Hilo la mshahara nakupa. Lakini mfano wako mwenyewe unanitetea. Mke na afya ukivibadilisha nafasi shairi linasimama. Kwa hiyo kipimo chako cha kubadilisha viti si kipimo cha kurudia. Kinaonyesha tu kwamba hakuna mfululizo wa wakati. Ni vitu viwili.

FundiSauti wa Sakina

Hapo umenikamata Mwalimu. Ni kweli, beti zinaweza kubadilishana na bado kila moja ikawa na habari yake. Basi kipimo cha habari pembeni ya mstari ndicho cha kutegemea, hiki kingine kinafaa pale wimbo unaposimulia tukio.

Mama Kwaya Machame

Mimi naimbisha kwaya usharikani, naongeza kidogo. Kwetu ubeti wa pili mara nyingi unarudia makusudi, kwa sababu waumini wengine hawajui maneno, wanadaka ubeti wa kwanza, wa pili ndiyo wanaingia. Siku nikileta wimbo ambao kila ubeti ni mpya, ninaimba peke yangu. Kwa hiyo inategemea nani anatakiwa kuimba. Kama ni mmoja anasimulia na wengine wanasikiliza, namuunga mkono kijana wa Sakina. Kama ni watu wote waimbe, mwacheni binti arudie.

Chalii wa Kijenge

Mama kaongea. Na nyimbo za kucheza pia. Nani anafuatilia vesi ya pili saa saba usiku? Biti ikishuka watu wanaruka, hata ukitaja majina ya mboga. Mimi naona prodyuza angebadilisha mdundo tu vesi ya pili. Toa ngoma, acha gitaa peke yake, au binti apandishe sauti. Mtu akisikia kitu kipya sikioni hatagundua maneno yamerudi. Tatizo liko kwenye flo, siyo maneno.

FundiSauti wa Sakina

Chalii, nusu umepatia. Kutoa ngoma baa 4 za mwanzo wa vesi ya pili nafanya sana, na kwenye wimbo wa kucheza inatosha. Lakini huu una mapigo 80 na gitaa moja. Hakuna anayeruka. Na ukitoa ngoma unamwonyesha msikilizaji maneno, kama mtu aliyewasha taa. Kama ni maneno aliyokwishasikia, umemwangazia kasoro yenyewe. Nilijaribu hivyo hivyo kabla ya kuandika barua, ikawa mbaya zaidi. "Nalia mto kichwani" ikabaki peke yake chumba kizima.

La Mama Kwaya sina jibu. Korasi yake ni ya watu wote kuimba, vesi ni za mtu mmoja. Labda ndipo mpaka ulipo, sijui.

Mwanaapolo Mstaafu

Nimeshinda mashimoni Mererani miaka tisa, nawasoma tu. Hilo geti la kwenye barua, dada wa watu akifika na koti na chapati hatakuwa anaimba, atakuwa anabishana na foleni. Na simu kutopatikana huko siyo habari ya huzuni, chini ya ardhi hakuna mtandao, kila mtu hapatikani. Kinachowaumiza wa nyumbani ni pale unapopatikana halafu huna cha kusema. Miezi minane hamjaona jiwe, mwenye shimo anawalisha tu, utampigia nani umwambie nini? Mimi simu nilikuwa nazima mwenyewe.

Mama Kwaya Machame

Mwanangu, hiyo "nazima mwenyewe" imenigusa hapa.

FundiSauti wa Sakina

Mkuu, hiyo ingekuwa vesi ya pili ya haki. Vesi ya kwanza simu haipatikani. Ya pili tunajua ni nani aliyeizima. Simu ni ileile, ila sasa haina maana ileile.

Chalii wa Kijenge

Lakini binti hajui hayo. Angeyajuaje? Anayeimba yuko Moshi.

Binti P

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye mwenye wimbo. Nimesoma yote, na barua nimeisoma mara nyingi. Siku ya kwanza nililia, sasa nimepoa.

Kaka Fundi, kuna kitu sikukwambia pale studio. Huo wimbo siyo wa mpenzi. Ni wa kaka yangu. Alienda Mererani baada ya kumaliza kidato cha nne, na mwaka wa tatu huu hajarudi. Rafiki yangu aliniambia wimbo wa kaka hakuna redio itakayoupiga, nyimbo ni za mapenzi, nikageuza. Kitanda na mto nimetunga, sina mpenzi kule wala popote. Kandambili ndiyo ya kweli. Alizivua mlangoni mara ya mwisho alipokuja, akavaa viatu vipya.

Nilipofika vesi ya pili nilikwama siku nne. Nilikuwa najiuliza mpenzi angesema nini, sikujua, nikawa narudia ya juu. Siyo "-ni" peke yake kaka.

FundiSauti wa Sakina

Mdogo wangu, samahani. Nilikuambia vina vimekuchagulia na sikukuuliza wimbo ni wa nani. Nilikusogeza mpaka getini na wewe huko hujawahi kufika, au?

Binti P

Sijawahi. Nauli ninayo ila mama hataki.

Jana nimejaribu upya. Sikutoka nyumbani, nimesogeza muda tu kama ulivyosema:

Desemba imeingia, gari zimejaa njia
Mama ndizi kapakua, sahani kafunikia

Ni kweli anafanya hivyo. Krismasi watu wote wanapanda migombani kwao, Dar na Nairobi wanashuka, barabara haipitiki, na mama anapakua sahani ya kaka anaifunika. Asubuhi tunakula sisi.

Mwalimu wa Rau

Mizani imetimia tena. Kina cha kati kimeteleza, "ingia" na "kapakua". Lakini binti yangu, usikiguse kwanza.

Mwanaapolo Mstaafu

Desemba ndiyo mbaya kuliko zote. Wenye jiwe wanapanda magari, wasio na jiwe mnabaki kulinda shimo. Atakuwa yupo, mdogo wangu. Ana aibu tu.

Chalii wa Kijenge

Mimi nimeondoka kwenye huu uzi kidogo, kuna vumbi jichoni.

FundiSauti wa Sakina

Nimefanya hesabu ileile. Desemba imefika, watu wanarudi, mama anapakua, sahani inafunikwa. Habari nne, hakuna hata moja iliyokuwa vesi ya kwanza. Na sasa "rudi hata bila jiwe" inatoka mezani mbele ya sahani iliyofunikwa, na baada ya maneno ya mkuu hapo juu kila mtu anajua kwa nini neno "hata" lipo.

Kuna tatizo moja limebaki. Mistari miwili bado haipo, na ule mstari wa "nitakungoja mpenzi" lazima utoke. Sasa vesi ya kwanza itabaki na mistari mitatu, na kitanda nacho ni cha uongo, kwa hiyo ni miwili.

Binti P

Kitanda kinaweza kubaki? Tulikuwa tunalala chumba kimoja, chake kiko upande wa dirisha. Hakuna anayekilalia.

FundiSauti wa Sakina

Kwa hiyo mstari ni uleule, ila kitanda ni chake, siyo chako. Hapo sijui, labda inatosha kubadilisha neno moja, labda mstari mzima. Nitahitaji kukusikia ukiimba. Njoo Alhamisi, nafungua saa nne. Usimlipe mtu wa getini, mwambie unakuja kwangu.

Mdau Unga Ltd

Na akuimbie vesi zote mbili kabla muda haujaisha 😂

Binti P

Nitapanda kosta ya kwanza.